Mabomba ya Shaba Kwenye Kifuniko

Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwetu Didia kumuuguza mama, na nilipomwacha alikuwa ameshaanza kugombana na kuku walioingia jikoni, dalili kwamba amepona. Nikapanda basi hadi Kahama, kisha gari dogo la kuelekea upande wa Geita, na mchana nikashukia barabarani karibu na kiwanda nilichofanyia kazi. Kilikuwa kiwanda kidogo cha elusheni, yaani mahali ambapo kaboni iliyokwisha kunyonya dhahabu kwenye matangi ya sianidi huletwa, ikachemshwa ndani ya tangi refu lililofungwa, mpaka dhahabu itoke kwenye kaboni na kuingia kwenye maji. Mimi ndiye niliyekuwa mhandisi wa mitambo pale. Nilikuwa peke yangu, na wengi walinizoea kama unavyozoea mvua ya masika: hawakuipenda sana, lakini walijua ina kazi yake.

Kaka yangu naye alifanya kazi palepale. Ni mkubwa wangu, fundi wa kuchomelea na kufunga mashine, na mimi ndiye niliyemwombea nafasi kwa mwenye kiwanda. Hilo lilitufanya tuwe waangalifu mno sisi kwa sisi. Kazini hakuniita mdogo wangu, na mimi sikumwita kaka mbele ya watu. Tuliongea Kisukuma tukiwa wawili tu, tukila ugali nyuma ya stoo.

Nilipoingia getini nilisikia pampu ikizunguka, nikajua tangi limewashwa. Nje ya uzio wa waya walikuwa wamekaa watu wa mama mmoja aliyeleta kaboni kutoka kwenye matangi yake huko machimboni. Mama mwenyewe alikuwa mbele yao, kwenye kiti cha plastiki, kitenge begani, macho yake hayatoki kwenye tangi. Wateja wetu wote walikuwa hivyo. Kaboni ni nyeusi, dhahabu haionekani, na mtu aliyehangaika miezi kuipata hawezi kukuachia akaenda kulala. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama.

Nikainua macho juu ya tangi, na hapo ndipo nilipoona kitu kinang'aa.

Inabidi nieleze kifuniko kile kilivyokuwa, maana yote yaliyofuata yanatoka hapo. Tangi lilikuwa na pete nene ya chuma shingoni, na kifuniko kilikuwa na pete nyingine kama hiyo. Katikati ya pete hizo mbili zilisimama nguzo fupi, kila moja ndefu kama shubiri. Nguzo hizo zilikuwa mabomba ya chuma. Ndani ya kila bomba ilipita boliti, kutoka pete ya juu hadi pete ya chini, na nati ikakazwa mwishoni. Kazi ya mabomba ilikuwa kuzuia kifuniko kisishuke kupita kiasi kikaiponda raba ngumu iliyoziba mdomo wa tangi. Boliti ilivuta pete zikaribiane, bomba likasukuma zisikaribiane mno. Ukikaza nati, boliti inavutwa na bomba linabanwa, na nguvu inayoivuta boliti ni ileile inayolibana bomba. Boliti inarefuka kidogo sana, bomba linafupika kidogo sana, na kutokana na huko kuvutana na kusukumana, kifuniko kinatulia mahali pake.

Mabomba yale ya chuma yalikuwa yameanza kuliwa na tindikali tunayooshea kaboni. Nilikuwa nimeagiza mengine ya chuma kabla sijaondoka. Sasa juu ya tangi, badala ya chuma cheusi chenye kutu, niliona duara la mabomba ya njano, mapya, yanang'aa kwenye jua kama bangili.

Nilimkuta mwenye kiwanda mlangoni mwa ofisi yake. Familia yake ina maduka ya vifaa vya ujenzi Kahama tangu enzi za babu yake, na yeye alizaliwa mtaa wa Nyahanga, humohumo mjini. Alizungumza Kiswahili kizuri kuliko changu, na Kisukuma cha kutosha kupatana bei na mkulima wa mpunga. Alikuwa mtu mpole. Alinipa pole ya mama, kisha akanionyesha tangi kwa kidevu, akiwa amefurahi. Alinieleza kwamba chuma kilikuwa kimechelewa, mteja alikuwa amefika, na ndugu yake mmoja alikuwa na fimbo za shaba ya njano zenye tundu katikati, zilizobaki kwenye kazi ya pampu. Wakazikata kwa urefu uleule. Shaba haishiki kutu, akasema, hatutahangaika tena.

Nikamuuliza kuhusu boliti. Akasema nazo zilikuwa zimechakaa, wakabadilisha, wakatoa mpya dukani.

Nilipanda ngazi kwa haraka hadi nusu, mahali ambapo niliweza kuona vichwa vya boliti bila kukaribia kifuniko. Boliti nzuri ina namba kichwani, inayokuambia chuma chake kina nguvu kiasi gani. Zile zetu za zamani zilikuwa nazo. Hizi zilikuwa na vichwa vitupu, laini, kama vifungo vya shati. Zilikuwa boliti za kufungia mageti na mapaa.

Nilishuka. Sikuwa bado na uhakika wa kitu chochote. Kipimo cha joto kwenye ubao wa umeme kilikuwa kimekwisha kupita mia moja, na kilikuwa kinaelekea mia na thelathini, kiwango chetu cha kawaida. Ndani ya tangi maji yalikuwa yamechanganywa na kostiki, yaani magadi makali ya kiwandani, na sianidi, yako chini ya mgandamizo, yana joto kuliko maji yanayochemka sufuriani. Maji ya namna hiyo yakipata upenyo hayadondoki. Yanaruka yakiwa nusu mvuke.

Niliingia ofisini, nikachukua karatasi ya bahasha na kikokotoo cha simu. Hesabu yenyewe si ngumu, huwa wanaifundisha mapema chuoni, na nakumbuka nilipoifanya darasani niliona ni mchezo tu wa herufi. Sasa mikono yangu ilitoa jasho mpaka kioo cha simu kikawa hakinisikii.

Shaba ya njano ikipata joto hurefuka zaidi ya chuma. Kwa joto lile, bomba la shaba likiwa peke yake mezani, na boliti ikiwa peke yake pembeni, bomba lingeizidi boliti kwa kitu kidogo kisichofikia unene wa karatasi mbili. Mtu akisikia hivyo hucheka. Lakini hawakuwa mezani. Bomba lilikuwa limefungwa kati ya pete mbili, na boliti ndiyo iliyozishika pete hizo. Bomba linataka kurefuka, boliti inakataa. Mwisho wake wanakutana katikati: boliti inavutwa zaidi ya ilivyopenda, bomba linabanwa zaidi ya lilivyopenda, na kwa vipimo vyetu waligawana ile tofauti karibu nusu kwa nusu. Nilipogeuza unene ule wa karatasi kuwa nguvu, ulikuja kama tani mbili kwenye kila boliti. Tani mbili za joto tupu, kabla hujahesabu mgandamizo wa ndani, na juu ya zile tani nne au zaidi ambazo boliti ilikwisha kubeba siku ilipokazwa.

Kisha mgandamizo. Maji ya ndani husukuma kifuniko juu, na mtu angedhani mzigo huo wote unaongezeka kwenye boliti. Haiko hivyo. Kifuniko kikisukumwa juu, bomba linapumua kidogo, linapunguza kusukuma kwake, na sehemu ya mzigo inaishia hapo. Boliti inachukua fungu lake tu. Fungu hilo linategemea nani kati yao ni mgumu zaidi. Bomba la chuma ni gumu, kwa hiyo lilikuwa likibeba fungu kubwa na kuiachia boliti kidogo, zaidi kidogo ya theluthi. Shaba ni laini mara mbili kuliko chuma. Kwa hiyo sasa boliti ilikuwa inabeba zaidi ya nusu.

Nikajumlisha. Kwa boliti zetu za zamani, jumla ile isingekuwa chochote, zingebeba na kulala usingizi. Kwa boliti za geti, jumla ilipita mpaka. Chuma kikivutwa kidogo hurudi kilivyokuwa. Kikivutwa kupita mpaka wake kinabaki kirefu na hakirudi tena. Boliti zile hazikuwa zikielekea kukatika kwa joto peke yake, hilo niliweza kuliona, na lilinipa nafasi ya kupumua. Zilikuwa zinarefuka. Na zikirefuka, mabomba yanakinyanyua kifuniko kutoka kwenye raba yake kwa kiasi kilekile cha karatasi, na hicho ndicho kiasi ambacho raba haiwezi kukivumilia.

Nilikuwa bado nimeinamia bahasha nilipomsikia mtu wa zamu akimwambia kaka yangu kwamba kifuniko kinatoa mvuke upande wa magharibi.

Nilitoka nje nikamwona kaka yuko juu ya jukwaa tayari. Alikuwa na spana ndefu na kipande cha bomba cha kuongezea urefu wa mpini. Baadaye nilikuja kujua kwamba mvuke huo ulikuwa umetokea pia kabla sijafika, akaukaza, ukanyamaza. Kwa hiyo alikuwa akifanya jambo ambalo kila fundi angelifanya: kitu kinavuja, unakaza. Alikwisha kuiweka spana kwenye nati, uso wake ukiwa karibu na kifuniko kama mtu anayechungulia chunguni.

Nilimwita kwa jina la utotoni, kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kiwandani. Nilimwambia aiache spana hapohapo na ashuke. Aliniangalia kwa mshangao, halafu kwa hasira, kwa sababu watu wote nje ya uzio walikuwa wamegeuka. Kwa muda nilidhani hatanitii. Nilimwona amekaza mkono kwenye mpini. Nikasema tena, polepole, kwamba boliti hiyo imekwisha kuvutwa hadi mwisho na akiizungusha tena itakatikia mkononi mwake. Sijui ni maneno au ni sauti yangu. Aliiachia spana ikining'inia kwenye nati, akashuka.

Alipofika chini alipita mbele yangu bila kunitazama.

Nilimwomba mwenye kiwanda azime hita. Nilimweleza kwa maneno machache: shaba inarefuka kuliko chuma, boliti ni dhaifu, zimevutika, kila nyuzi ya joto inayoongezeka inaziongezea mzigo, na kukaza nati kunaziongezea mwingine. Dawa ni kuacha joto lishuke. Alisikiliza vizuri. Lakini nilimwona akitazama nje, kwenye kile kiti cha plastiki.

"Nikizima katikati," akasema, "watasema nimewaibia. Dhahabu yao iko nusu kwenye kaboni na nusu kwenye maji. Unajua habari kama hiyo inafika Geita kabla ya jua kuzama."

Nilijua. Kuna kiwanda kingine barabara ileile kilichokuwa kimezima tangi katikati ya kazi kwa sababu ya umeme tu, wateja wakavunja uzio, na mlinzi akaumizwa. Kwa hiyo sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu yake na mimi nilikuwa na yangu, na zote mbili zilikuwa za kweli. Nilimwambia kwamba wakivunja uzio tutakuwa na watu wenye hasira, lakini kifuniko kikiachia tutakuwa na watu walioungua, na wao watakuwa miongoni mwao, maana wamekaa upande ule ule wa magharibi.

Aliwatazama tena. Kisha akaenda mwenyewe kwenye ubao wa umeme, akazima hita. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kugeuza swichi.

Mtu wa zamu, kwa nia njema, alikuwa amekwisha kukokota mpira wa maji ili apoze kifuniko haraka. Nilimzuia. Mpira ule ungefika upande mmoja tu. Mabomba ya upande huo yangepoa na kufupika, ya upande wa pili yangebaki marefu, na kifuniko kingeinama juu ya raba ambayo tayari ilikuwa inakishika kwa shida. Tena angelazimika kusimama karibu. Nilimwambia tangi litapoa lenyewe, polepole, pande zote kwa pamoja, na sisi kazi yetu ni kukaa mbali. Pampu niliiacha izunguke ili joto la ndani lisijikusanye mahali pamoja.

Ilibaki kumwambia mama mwenye kaboni. Mwenye kiwanda alitaka kwenda, nikamwomba aniachie mimi. Nilitoka getini. Vijana wa yule mama walikuwa wamesimama. Mmoja wao alisema kwamba wameona hita imezimwa, taa yake imezimika, na kwamba wanajua michezo hii. Mama aliwanyamazisha kwa mkono.

Nilichuchumaa mbele ya kiti chake, kama ninavyochuchumaa mbele ya mama yangu. Nilimweleza bila hesabu. Nilimwambia kifuniko kimefungwa kwa vitu viwili ambavyo joto linavigombanisha, na kimeanza kuachia, na maji ya ndani yakitoka yatachoma watu. Tumezima ili pasitokee msiba. Dhahabu yake iko ndani, na haina pa kwenda.

"Dhahabu huwa haina miguu," akasema. "Watu ndio wenye miguu. Nitajuaje kwamba hakuna atakayepanda kule juu wakati mimi nimesogezwa mbali?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Na mimi nilikuwa na shida inayofanana na yake: nitajuaje kwamba hakuna atakayepanda kule juu, kaka yangu au mwingine yeyote, akauona mvuke na kuishika ile spana iliyobaki inaning'inia? Nilifikiri, kisha nikamuuliza kama ana kufuli. Nilijua anayo. Wateja wote hufika na kufuli zao za kufungia ndoo na makasha.

"Njoo uifunge ngazi mwenyewe," nikamwambia. "Ufunguo ubaki nao. Valvu ya maji ya dhahabu ifunge pia kwa kamba yako na alama yako. Asipande mtu, wa kwenu wala wa kwetu, mpaka tangi lipoe. Litakapopoa utafungua wewe, na utapanda pamoja na mimi."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Aliniuliza mimi ni mtoto wa wapi. Nikamwambia Didia. Akainuka, akajifunga kitenge kiunoni, akaja. Nilimtembeza kwa upande wa mashariki, mbali na ule mvuke, nikiwa nimetanguliza mwili wangu kati yake na tangi, na kila hatua nilisikiliza juu. Kwenye mlango mdogo wa ngazi alitia kufuli, akaivuta kupima. Akaifunga valvu kamba na kuitilia fundo ambalo sijawahi kuliona. Kisha aliwaamuru vijana wake wahamishe kiti chake hadi chini ya paa la mlinzi, mbali sana, nao wakahama.

Tukangoja.

Nimewahi kungoja mambo mengi, matokeo ya mtihani, mama kutoka chumba cha upasuaji, lakini sijui kungoja kama kule. Kipimo cha joto kilishuka kama mzee anayeshuka mlima, kinatua, kinasimama, kinatua. Mvuke wa upande wa magharibi uliendelea, mwembamba, mweupe, wakati mwingine ukikatika na moyo wangu ukitulia, kisha ukirudi. Nilirudia hesabu kichwani. Nilijiuliza kama nimekosea unene wa bomba, kama raba ilikwisha kuungua, kama kuna boliti moja ambayo kaka aliikaza kuliko nyingine na sasa inabeba fungu la wenzake. Hilo la mwisho ndilo lililonitesa. Hesabu hudhani boliti zote ni sawa. Mkono wa mtu hauko sawa.

Mara moja kilisikika kitu kama mlio, tik, juu ya tangi. Wote tulisikia. Mwenye kiwanda alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada ya siku ile. Hakuna kilichofuata. Nadhani ilikuwa pete ikijiweka sawa jinsi mabomba yalivyokuwa yakifupika. Lakini wakati ule sikuwa na "nadhani" yoyote ya kumpa, nikaendelea kutazama kipimo cha joto.

Kaka alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwetu. Nilikwenda nikakaa karibu naye chini. Nilimweleza kwa Kisukuma jinsi bomba na boliti vinavyovutana, nikichora mavumbini kwa kijiti, na kwamba yeyote asiyeambiwa tofauti ya shaba na chuma angekaza vilevile, hata mimi kabla sijasoma. Aliutazama ule mchoro.

"Uliniita kama mtoto," akasema. "Mbele ya watu."

Nikamwambia ndiyo. Ningemwita hivyo tena.

Jua lilipoanza kulegea, joto lilishuka chini ya mia, na mshale wa mgandamizo ukalala. Mvuke ulikata na haukurudi. Tuliendelea kungoja bado, kwa kuwa sikuviamini vipimo, mpaka ubavu wa tangi uliposhikika kwa kiganja. Nikafungua valvu ya kupumulia kutoka chini, pakatoka sauti kidogo ya pumzi, basi. Mama alileta ufunguo. Tulipanda, yeye, mimi na kaka.

Kaka ndiye aliyeshika nati ya kwanza. Hakuhitaji spana. Aliizungusha kwa vidole viwili, ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Ya pili hivyohivyo. Mabomba ya shaba yalikuwa yamerudi urefu wake, lakini boliti hazikurudi, kwa hiyo sasa hakukuwa na chochote kinachobana chochote. Bomba moja niliweza kulizungusha mahali pake kwa mkono. Ile boliti ya magharibi, yenye spana juu yake, tulipoichomoa ilikuwa imepata kiuno chini ya nati, nyuzi zake zimetengana kama kitambaa kilichovutwa. Kaka aliiweka kwenye kiganja chake, akapitisha kidole gumba pale palipopungua. Kisha akaikabidhi kwa mama mwenye kaboni kana kwamba ni mali yake, akashuka ngazi.

Mama aliigeuzageuza. Sikumwona akishtuka. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Wabeja, mayu," yaani asante, mama, kwa Kisukuma, akanishika bega kidogo kabla ya kushuka.

Nilikwenda mwenyewe Shinyanga kuchongesha mabomba mapya, kwenye karakana moja ya mtaa wa Kambarage ambako fundi wa mashine ya kuchongea vyuma ananifahamu. Yalikuwa ya chuma, cha aina ileile kama boliti, ili joto likija vyote virefuke pamoja na kusiwe na anayemvuta mwenzake. Boliti nilizileta zenye namba vichwani. Mwenye kiwanda hakubishana wala hakuniuliza chochote. Zile za shaba alizipeleka dukani, na nilimwomba aziandike kwamba zisirudi kwenye tangi la moto. Yule mama na watu wake walilala palepale kiwandani siku zote hizo, wakipika chini ya paa la mlinzi, kufuli yao sasa ikiwa imehamia kwenye valvu.

Tulipowasha tena nilipandisha joto polepole kuliko kawaida. Hata chuma kwa chuma, bomba liko nje na boliti imejificha ndani. Ukiharakisha, bomba linapata moto kabla ya boliti na ugomvi unaanza upya. Nilisimama upande wa mashariki na sikukaa. Kaka alisimama mbali kidogo na mimi. Hakuna mvuke uliotoka. Kesho yake dhahabu ilipatikana, na ilipopimwa yule mama alikubali kwa kichwa, akaondoka na watu wake kuelekea machimboni bila sherehe yoyote.

Kaka alimaliza ule msimu, kisha akaniambia anarudi nyumbani kutengeneza majembe ya ng'ombe, kazi ambayo haina kifuniko. Mama yetu alifurahi kumpata. Alipomuuliza kwa nini ameacha kazi yenye mshahara, alimwambia kelele za pampu zilikuwa zinamwumiza kichwa. Mimi nilikuwepo, nikaendelea kuchambua mchicha. Usiku tulipokuwa tunaagana aliniuliza kama bado ninakaa karibu na lile tangi likiwa la moto. Nikamwambia inanibidi.

"Basi usisimame magharibi," akasema.